Mboni Zikipishana: Jicho Linasema Nini Kichwa Kikishaumia

Mtu akianguka na bodaboda au akipigwa rungu la kichwa, siku hizi hakosi jirani wa kuwasha tochi ya simu na kummulika machoni. Mboni zikionekana sawa, anaambiwa yuko salama na anapelekwa kulala. Moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake, wapo wanaoanza kulia hapo hapo, na wapo wanaosema ni damu tu imevilia, itashuka yenyewe. Kwingine mama mwenye kisukari anaamka asubuhi kope moja imefunika jicho. Nyumbani wanasema uso umepooza, anatafutwa mtu wa kumkanda.

Kila jibu kati ya haya lina ukweli mahali fulani. Tatizo ni kwamba linatumika pasipo mahali pake. Mboni iliyopanuka inaweza kumaanisha mtu amebakiwa na dakika chache za kuokolewa, na inaweza kumaanisha aliwekewa matone ya dawa kliniki ya macho asubuhi ile. Ukubwa wa mboni peke yake hautoshi kutofautisha hali hizo mbili. Kinachotofautisha ni mambo yanayoizunguka: mtu ana fahamu kiasi gani, kope na mwendo wa jicho vikoje, na mabadiliko yalianza lini.

Waya mbili za jicho moja

Mboni ni tundu tu katikati ya duara la rangi la jicho. Ukubwa wake unatawaliwa na misuli miwili inayovutana. Mmoja unabana mboni mwanga unapoingia. Mwingine unaipanua gizani au mtu anaposhtuka. Kila msuli unapokea amri kwa njia yake, na njia hizo mbili zinapita sehemu tofauti kabisa za mwili. Siri karibu yote ya uchunguzi huu imo humo.

Amri ya kubana inatoka kwenye shina la ubongo na kusafiri ndani ya neva ya tatu ya ubongo. Neva hiyo hiyo inanyanyua kope ya juu na inageuza jicho ndani, juu na chini. Ikifa yote, mtu anapata picha ya aina yake: kope imeanguka hadi kufunika jicho, ukiinyanyua kwa kidole unakuta jicho limetazama nje na chini kidogo, na mboni ni kubwa, haijali tochi.

Amri ya kupanua ina safari ndefu zaidi. Inaanzia ndani ya ubongo, inashuka na uti wa mgongo hadi sehemu ya juu ya kifua, inapita karibu na ncha ya pafu, kisha inapanda shingoni imejishikiza kwenye ukuta wa mshipa mkuu wa damu uendao kichwani. Njia hii nayo ina msuli wake mdogo wa kope, unaoongeza milimita moja au mbili tu za kufungua jicho. Ikikatika, mboni inakuwa ndogo na kope inashuka kidogo, kiasi kwamba mtu anaonekana kama hakulala vizuri.

Kwa hiyo kope iliyoshuka ikiwa na mboni kubwa upande huo huo ni habari ya neva ya tatu. Ikiwa na mboni ndogo, ni habari ya shingo, kifua au shina la ubongo. Na kope iliyoshuka huku mboni ziko sawa ina orodha yake nyingine, kuanzia uvimbe wa ngumi hadi ugonjwa wa misuli kuchoka upesi, ambao kope hushuka zaidi jioni na kupata nafuu baada ya kupumzika.

Hapa ndipo hadithi ya uso kupooza inapochanganya watu. Neva inayosogeza uso ni ya saba, na ndiyo inayofumba jicho. Ikipooza, mdomo unaenda upande, na jicho linashindwa kufumba. Linabaki wazi, linatoa machozi. Aliyeshindwa kufumbua jicho hana ugonjwa ule. Mtu ambaye kope imeanguka na mdomo umenyooka vizuri hapaswi kuhesabiwa kwenye kundi la waliopooza uso, hata kama jirani alipata kitu kinachofanana akapona kwa kukandwa.

Aliyegonga kichwa na sasa anasinzia

Tuanze na hali inayoogopwa kuliko zote, maana hofu yake ni ya haki. Tuchukue mfano wa kijana anayeanguka na pikipiki saa moja jioni bila kofia ngumu. Amegonga upande wa kulia wa kichwa, sehemu ya panja, kati ya jicho na sikio. Anazimia dakika mbili, anaamka, anatukana aliyemgonga, anakataa kwenda hospitali. Saa tatu kichwa kinamuuma sana na anatapika. Saa nne anajibu maneno mafupi na kurudi usingizini. Mboni ya kulia ni kubwa kuliko ya kushoto, na ukiimulika inabana polepole. Nusu saa baadaye haibani kabisa, na mkono wa kushoto hausogei vizuri ukimfinya.

Mfupa wa fuvu kwenye panja ni mwembamba, na ndani yake, kwenye mfereji wake, unapita mshipa wa damu unaolisha utando wa ubongo. Mfupa ukipasuka, mshipa unachanika na damu inakusanyika kati ya fuvu na utando. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake kuna ubongo, damu na maji ya ubongo, na kikiongezeka kimoja lazima kingine kipungue. Hilo lilielezwa na mwanaanatomia Alexander Monro wa Edinburgh tangu 1783. Mwanzoni maji na damu ya kwenye vena vinasukumwa nje kupisha bonge la damu. Ndizo saa ambazo kijana alikuwa anaongea. Nafasi ikiisha, kila tone linaloongezeka linapandisha shinikizo kwa kasi, na sehemu ya ndani ya ubongo wa upande ule inasukumwa chini kupitia mwanya ulio kando ya shina la ubongo. Neva ya tatu inapita hapo hapo, nayo inabanwa.

Kwa nini mboni inatangulia, kabla ya kope na mwendo wa jicho? Kwa sababu nyuzi za kubana mboni zimekaa juu juu, upande wa nje wa neva, wakati nyuzi za kunyanyua kope na kusogeza jicho ziko ndani zaidi. Kinachokandamiza kutoka nje kinazipata nyuzi za mboni kwanza. Ukweli huu mmoja wa anatomia utarudi tena tukifika kwa mgonjwa wa kisukari, na huko utafanya kazi kinyume.

Mara nyingi mboni inayopanuka iko upande ule ule wenye damu, na udhaifu wa mkono na mguu uko upande wa pili. Kuna wagonjwa ambao mpangilio huu hupinduka, hivyo daktari mwenye mashine ya picha hafungui fuvu kwa kufuata mboni tu. Lakini akiwa hana mashine, na mgonjwa anakufa mbele yake, mboni ndiyo inayomwambia aanze kutoboa upande gani.

Kwa kijana wetu, saa nne usiku, kila hatua ina sababu yake. Kichwa cha kitanda kinainuliwa kama nyuzi 30 na shingo inanyooshwa, ili damu ya vena ishuke kwa urahisi. Anapewa oksijeni na presha yake inalindwa isishuke, maana ubongo uliobanwa hauvumilii kukosa damu hata kidogo. Manitoli au maji ya chumvi makali yanapitishwa kwenye mshipa kuvuta maji kutoka kwenye ubongo. Yote hayo hununua muda tu. Tiba ni kutoa bonge la damu. Mwaka 1981 utafiti wa Marekani uliochapishwa na Seelig na wenzake uliangalia wagonjwa waliopoteza fahamu kwa damu iliyokusanyika chini ya utando, aina mbaya kuliko ile ya kijana wetu: waliopasuliwa ndani ya saa nne walikufa asilimia 30, na waliochelewa zaidi walikufa asilimia 90. Idadi hizo zimejadiliwa sana tangu hapo, na si kila utafiti uliofuata umepata pengo kubwa namna ile, lakini hakuna daktari wa upasuaji wa ubongo anayesubiri kwa hiari akiiona mboni hiyo.

Kwa hiyo wanaosema “mboni zikipishana mtu yuko kwenye hatari ya kufa” wako sahihi kabisa, kwa sharti moja: fahamu zake ziwe zimeshuka au zinashuka.

Mboni sawa si cheti cha uzima

Msimamo wa pili ndio unaofariji zaidi, na kwa maoni yangu ndio hatari zaidi. Unasema: mboni ziko sawa na anaongea, basi mpe maji apumzike.

Rudi kwa kijana wetu saa mbili usiku. Ungemmulika wakati ule, mboni zingekuwa sawa na zingebana vizuri. Damu ilikuwa inakusanyika. Mboni inabadilika pale ubongo ulipokwisha kusukumwa na kugusa neva. Ni dalili ya mwishoni. Anayesubiri mboni ipanuke ndipo amkimbize mgonjwa, anasubiri hatua ambayo matibabu yote yanalenga kuizuia. Si kila mwenye damu ya aina hii hupitia kipindi cha kuamka na kuongea vizuri, lakini ni wengi wa kutosha kuifanya tochi ya simu kuwa mlinzi mbaya.

Madaktari wenyewe wamekuwa waangalifu kuhusu nafasi ya mboni. Graham Teasdale na Bryan Jennett walipotengeneza kipimo cha fahamu cha Glasgow mwaka 1974, walihesabu mambo matatu: mtu anafumbua macho vipi, anajibu vipi, na anasogeza viungo vipi. Jumla kamili ni 15 na ya chini kabisa ni 3. Mboni hazikuhesabiwa. Ni mwaka 2018 tu ndipo Teasdale na wenzake walipopendekeza kuziunganisha, kwa kupunguza alama moja ikiwa mboni moja haijibu mwanga na alama mbili zikiwa zote. Hesabu hiyo inasaidia kukadiria hatima ya aliyeumia vibaya. Haikutengenezwa kumruhusu anayeongea aende nyumbani.

Dalili za mapema ziko kwingine. Kanuni ya Kanada ya mwaka 2001, inayosaidia kuamua nani apigwe picha ya CT kati ya walioumia kichwa kidogo, inataja kutapika mara mbili au zaidi, umri wa miaka 65 na kuendelea, kutorudi kwenye alama kamili za fahamu ndani ya saa mbili, na dalili za fuvu kuvunjika, kama damu au maji yanayotoka sikioni au michubuko inayotokea nyuma ya sikio. Ndugu wa mgonjwa anaweza kuyaona hayo yote bila tochi. Anayemwamsha mgonjwa kila baada ya muda na kumuuliza jina la mtoto wake, leo ni siku gani, na yuko wapi, anapata taarifa ya mapema kuliko anayepima mboni usiku kucha.

Wazee na watu wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wana saa yao tofauti. Kwao damu inaweza kujikusanya polepole chini ya utando, na dalili zikaja wiki kadhaa baada ya kujigonga kwenye mlango, wakati hakuna anayekumbuka tena kwamba alijigonga.

Mboni kubwa, lakini anaongea kama kawaida

Sasa geuza hali. Mtu amepigwa ngumi ya jicho jana. Yuko macho, anacheka, anajua tarehe, anatembea. Mboni ya jicho lililopigwa ni kubwa na haibani. Je, ubongo umesukumwa?

Karibu kwa hakika, hapana. Ubongo ukisukumwa kiasi cha kuibana neva ya tatu, shina la ubongo linalomfanya mtu awe macho linabanwa pamoja nayo. Mboni iliyokufa kwa mtu mwenye fahamu timamu, jicho linalogeuka pande zote na kope inayonyanyuka sawasawa, inaelekeza kwenye jicho lenyewe: msuli wa kubana umechanika au umepigwa ganzi na pigo. Ukitazama kwa karibu unaweza kuona ukingo wa mboni haujawa duara safi, una kona au mkato, na pengine mstari wa damu umetua chini mbele ya duara la rangi. Hilo nalo ni la daktari wa macho siku hiyo hiyo, kwa sababu damu ndani ya jicho hupandisha shinikizo la jicho, lakini si la upasuaji wa ubongo.

Mfano unaojulikana duniani ni wa mwanamuziki David Bowie. Mwaka 1962, akiwa bado shuleni, rafiki yake George Underwood alimpiga ngumi ya jicho la kushoto kwa ugomvi wa msichana. Mboni ile ilibaki imepanuka maisha yake yote, na watu wengi wakaamini ana macho ya rangi mbili. Hayakuwa ya rangi mbili. Mboni kubwa nyeusi tu ilikuwa imekula sehemu ya rangi. Na urafiki wao, inapendeza kuongeza, haukuvunjika.

Kuna sababu nyingine zisizo na damu wala ngumi. Matone ya atropini hupanua mboni kwa siku kadhaa. Mtu wa pumu aliyewekewa barakoa ya mvuke yenye dawa ya ipratropiamu, barakoa ikavuja upande mmoja, anaweza kupata mboni kubwa upande huo. Wauguzi wa wodi za dharura wamewahi kushtuliwa sana na hali hiyo. Jicho lililopasuliwa mtoto wa jicho zamani linaweza kuwa na mboni isiyo duara. Na takriban mtu mmoja kati ya watano ana mboni zisizolingana kidogo tangu asili, kwa kawaida tofauti isiyozidi milimita moja, ambayo inabaki ile ile kwenye mwanga na gizani.

Njia rahisi ya kulimaliza hili la mwisho ni kutazama picha za zamani. Picha ya harusi, ya mahafali, ya kitambulisho. Unaikuza kwenye simu na kulinganisha. Tofauti iliyokuwepo miaka kumi iliyopita haikuletwa na ajali ya jana. Kwa macho yetu ya kahawia iliyokolea, shida kubwa ni kuuona mpaka wa mboni wenyewe, hasa usiku. Kumulika usoni moja kwa moja hakusaidii, maana mwanga unazibana zote mbili na tofauti inapotea. Mwambie mtu atazame mbali, si kwenye simu, kwa sababu kutazama kitu cha karibu nako kunabana mboni. Mwanga uletwe kutoka chini, upande wa kidevu, nao uwe hafifu. Kisha linganisha hali hiyo na mwanga wa mchana. Tofauti ikizidi kwenye mwanga, mboni kubwa ndiyo yenye hitilafu, imeshindwa kubana. Ikizidi gizani, mbovu ni ile ndogo, imeshindwa kupanuka.

Kope iliyoanguka ghafla bila mtu kujigonga

Hapa ndipo madaktari wenyewe wamebishana kwa miaka mingi, na ubishi wao una faida kwa msomaji.

Mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye kisukari na presha, anaamka kope imeanguka na anaona vitu viwili viwili akiinyanyua. Kuna maumivu kuzunguka jicho. Sababu mbili zinagombea nafasi. Ya kwanza ni mishipa midogo inayolisha neva ya tatu kuziba, ugonjwa unaokuja na kisukari na presha, ambao kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya miezi mitatu hivi. Ya pili ni ukuta wa mshipa wa damu wa ubongo kututumka na kuwa kifuko kinachoikandamiza neva. Kifuko hicho kikipasuka, damu inamwagika kuzunguka ubongo, na baadhi hawafiki hospitali.

Anatomia inatoa dokezo. Mishipa midogo ikiziba, kinachokosa damu ni kiini cha neva, na nyuzi za mboni zilizo pembeni husalimika kwa kuwa zinalishwa pia na mishipa ya juu juu. Kifuko kinakandamiza kutoka nje, kinaanza na mboni. Hivyo ikazaliwa kanuni: kope imeanguka na mboni ni kubwa, fikiria kifuko, mboni ni nzima, fikiria sukari.

Kanuni ni nzuri, na imepotosha watu. Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba inafaa tu pale ambapo kope imeanguka kabisa na jicho limeshindwa kabisa kwenda upande wowote wa neva ile. Kope ikiwa imeshuka nusu, jicho bado linageuka kidogo, mboni nzima haimaanishi chochote. Kifuko kinaweza kuwa ndiyo kwanza kinaanza kugusa, na mboni ikapanuka kesho au keshokutwa. Udhaifu wa pili: baadhi ya wagonjwa wa kisukari nao hupanuka mboni kidogo. Na maumivu, ambayo watu wengi huyatumia kama kipimo, hayatofautishi, kwa sababu hali zote mbili zinauma. Maumivu yanayoishtua akili ni yale ya ghafla, makali kuliko yote aliyowahi kupata mtu, na shingo kukakamaa. Hayo ni ya damu iliyokwisha kumwagika.

Pale penye uwezo wa kupiga picha ya mishipa ya damu, ubishi umepoa: neva ya tatu ikipooza ghafla, mishipa inapigwa picha, basi. Penye uwezo mdogo, kuna mtego mmoja unaostahili kuandikwa kwa herufi kubwa. Picha ya CT ya kichwa ya kawaida, isiyotumia dawa ya kuonyesha mishipa, inaweza kutoka safi kabisa huku kifuko kipo, kwa sababu bado hakijapasuka. Mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi inayosema hakuna tatizo. Swali la kumuuliza daktari ni kama picha iliyopigwa ilionyesha mishipa ya damu ya ubongo, na kama haikuonyesha, ni hospitali gani ya rufaa inayoweza.

Mboni ndogo isiyomshtua mtu

Hali ya mwisho ndiyo inayopita bila kuonekana. Mtu alikabwa shingo, au mkanda wa gari ulimkata shingoni kwenye ajali, au aligeuza shingo kwa nguvu tu. Siku mbili baadaye ana maumivu ya shingo upande mmoja yanayopanda hadi usoni, kope imeshuka milimita moja au mbili, na mboni ya upande huo ni ndogo. Daktari wa macho wa Uswisi Johann Friedrich Horner aliieleza picha hiyo mwaka 1869, na inaitwa kwa jina lake.

Watu hutazama mboni kubwa ya upande wa pili na kudhani hiyo ndiyo mbovu, au hawaoni tofauti kabisa, maana kwenye mwanga mboni zinakaribiana. Ukizima taa, ile ndogo inachelewa kupanuka kwa sekunde kadhaa.

Kilichotokea ni ukuta wa ndani wa mshipa mkuu wa shingo kuchanika, damu ikaingia kati ya matabaka ya ukuta huo, ukavimba na kuzivuta nyuzi za kupanua mboni zilizojishikiza juu yake. Kwenye mchaniko bonge la damu linaweza kujitengeneza, likakatika na kupanda kwenye ubongo. Ndiyo maana kijana asiye na presha wala sukari anaweza kupata kiharusi siku chache baada ya kukabwa. Hatari ni kubwa zaidi siku na wiki za mwanzo. Tiba ni dawa zinazozuia damu kuganda. Jaribio la Uingereza lililoitwa CADISS, lililochapishwa 2015, lililinganisha aina ya aspirini na aina kali zaidi, likakuta viharusi vilikuwa vichache kwa makundi yote mawili bila tofauti ya wazi.

Aspirini inapatikana duka lolote, na kishawishi cha kujinywesha ni kikubwa. Kwa kijana wetu wa pikipiki, kidonge hicho hicho kinaifanya damu ya kwenye fuvu isikome. Kabla ya picha kuondoa shaka ya kuvuja damu, asipewe aspirini wala diklofenaki. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli.

Nani apigwe picha

Wapo wanaotaka kila mboni iliyopishana ipigwe CT. Hoja yao ina nguvu, kwa sababu kosa la kumkosa mgonjwa mmoja halirudishiki. Lakini picha ina gharama, ina mionzi ambayo kwa mtoto haipuuzwi, na kwa wengi inahitaji safari ndefu ya gari. Tena, kama tulivyoona, picha isiyo sahihi inatoa usalama wa uongo. Wanaotaka kusubiri nao wana hoja: wengi wenye mboni zisizolingana, ukiwakusanya wote barabarani, hawana ugonjwa wowote.

Kwa maoni yangu mizani inaamuliwa na fahamu na muda. Aliyeumia kichwa na anasinzia, anachanganyikiwa au anatapika tena na tena, aende hospitali yenye CT na upasuaji, mboni ziwe sawa au zisiwe sawa. Aliyeangusha kope ghafla na kuona viwili viwili, aende siku hiyo hiyo, hata kama ana kisukari na hata kama mboni ni nzima. Mwenye maumivu mapya ya shingo, kope iliyoshuka kidogo na mboni ndogo, vivyo hivyo. Aliye timamu kabisa, jicho lilipigwa lenyewe au mboni zake zilikuwa hivyo kwenye picha za zamani, daktari wa macho anatosha.

Linalobaki ni umbali. Kwa aliye kijijini, kituo cha afya cha karibu hakina CT, lakini kina oksijeni, dripu, simu na pengine manitoli, na kumpitisha hapo kwanza kunafaa kama hakupotezi saa nzima ikiwa gari la rufaa liko tayari. Njiani alazwe kichwa kimeinuka, shingo isipinde, asipewe chakula wala maji kwa kuwa anaweza kuingia chumba cha upasuaji moja kwa moja. Akiwa anatapika huku fahamu zimepungua, ageuzwe ubavu mwili wote kwa pamoja. Anayemsindikiza aandike kwenye karatasi saa aliyoumia, saa aliyotapika, saa alipoacha kujibu vizuri, na saa mboni ilipoonekana kubwa na ni ya upande gani. Daktari wa zamu anayempokea akiona kwamba mboni ilikuwa sawa saa tatu na haijibu mwanga saa nne na nusu, hataanza kuuliza historia. Atapiga simu chumba cha upasuaji mgonjwa akiwa bado kwenye machela.